Shimo Moja, Bei Mbili

Katikati ya mji wa Kimberley, Afrika Kusini, pana shimo lenye upana wa mita zipatazo 460, lililochimbwa kwa sururu na sepetu tangu mwaka 1871 mpaka kazi iliposimamishwa mwaka 1914. Watalii huenda kulishangaa ukubwa. Wanauchumi wana sababu nyingine ya kulitazama. Shimo hilo lilianza na wauzaji mamia kwa mamia, kila mmoja na kiwanja chake, na haikupita miaka 20 likawa mali ya kampuni moja. Udongo ulikuwa uleule na almasi zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya wauzaji, na mabadiliko hayo yalitosha kuamua almasi ngapi ziingie sokoni na mnunuzi atoe kiasi gani.

Almasi zilipoonekana katika kilima kilichokuwa ndani ya shamba la ndugu wawili wa ukoo wa De Beer, watu walimiminika kutoka kila upande. Eneo likapimwa viwanja vya futi 31 kwa 31, na mwanzoni kanuni zilimzuia mtu mmoja kujilimbikizia viwanja vingi. Vingi viligawanywa tena, robo kwa huyu na nusu kwa yule. Jioni mchimbaji alibeba alichopata hadi kwenye vibanda vya wanunuzi, na kama bei ya kibanda hiki hakuipenda, alivuka njia akajaribu kibanda kingine, ambako aliambiwa bei iyo hiyo.

Hali hiyo inakaribia kile ambacho vitabu vya uchumi hukiita ushindani kamili: wauzaji ni wengi na wadogo, bidhaa zao zinafanana, anayetaka kuingia anaingia na anayechoka anatoka, na habari za bei zinamfikia kila mtu. Inakaribia tu, haifiki. Almasi hazifanani kama punje za mahindi, na mlango wa kuingia haukuwa wazi kwa wote, maana wachimbaji wazungu walipigana kufa na kupona ili Waafrika wasimiliki viwanja bali wabaki vibarua. Anayetaka mfano safi zaidi aende soko la mahindi la Kibaigwa, mkoani Dodoma. Mkulima anayefika pale na magunia kumi hapangi bei. Akitaka zaidi ya bei ya siku, mnunuzi anamgeukia jirani yake. Akishusha bei, amejipunja bure, kwa sababu magunia yake yote yangenunuliwa vilevile kwa bei ya siku.

Muuzaji wa namna hiyo hana uwezo juu ya bei, lakini uamuzi mmoja umebaki mikononi mwake, nao ni kiasi. Achimbe karati ngapi, karati moja ikiwa ni uzito wa gramu 0.2 hivi? Hapo ndipo kanuni kuu ya uchumi wa soko inapoanza kufanya kazi, na ni rahisi kuiona kwa hesabu kuliko kwa maelezo. Tarakimu zinazofuata ni za mfano.

Tuseme bei ya siku Kimberley ni shilingi 30 za Kiingereza kwa karati. Mchimbaji wetu amekwisha kulipa shilingi 60 za leseni na vifaa, na fedha hizo hazirudi, achimbe asichimbe. Karati kumi za kwanza ziko karibu na uso wa ardhi, kila moja inamgharimu shilingi 12 za vibarua na kamba. Kumi za pili ziko chini zaidi, shilingi 18 kila moja. Kumi za tatu ni shilingi 24. Kumi za nne ni shilingi 30, kwa sababu sasa udongo unapandishwa kwa ndoo kutoka mbali na maji yanaanza kuingia. Kumi za tano zingekula shilingi 37 kila moja.

Anasimama wapi? Kosa la wengi ni kutafuta wastani: kujumlisha gharama zote, kugawa kwa karati, na kuona kwamba bado kuna faida, basi aendelee. Mchimbaji mjanja hafanyi hivyo. Anaangalia karati inayofuata peke yake. Itaniongezea gharama gani? Itaniletea fedha kiasi gani? La kwanza ni gharama ya nyongeza, la pili ni mapato ya nyongeza. Maadamu la pili ni kubwa kuliko la kwanza, anachimba. Zinapolingana, anaweka sepetu chini. Kwa bei ya shilingi 30 atafika karati 40, na zile kumi za mwisho zinamrudishia gharama yake barabara, bila ziada. Akiingia kwenye kumi za tano, kila karati inamla shilingi 7 ya faida aliyokwisha kuipata, ingawa hesabu ya wastani ingali inamwonyesha kwamba ana faida.

Karati 40 kwa shilingi 30 ni shilingi 1,200. Gharama za kuchimba ni 840, ongeza 60 za leseni na vifaa, jumla 900. Faida ni 300. Zile shilingi 60 hazikuingia popote katika uamuzi wa kiasi cha kuchimba. Zimekuja mwishoni kuamua kama biashara hii ina maana kwake au akafanye nyingine.

Faida ya shilingi 300 haijifichi. Habari zinasafiri, wengine wanakuja na sururu zao, almasi zinaongezeka sokoni na bei inaporomoka. Ikifika shilingi 18, mchimbaji anasimama kwenye karati 20 badala ya 40. Anapata 360, ametumia 300 kuchimba na 60 za leseni na vifaa. Hesabu imelingana, hakuna kilichobaki. Msomaji asimwonee huruma kupita kiasi, maana ndani ya gharama zile wanauchumi huhesabu na ujira wake mwenyewe wa kawaida. Anaishi, ila hatajiriki. Na kwa kuwa hakuna ziada ya kumvuta mgeni wala hasara ya kumfukuza mwenyeji, bei inatulia hapo.

Kimberley haikutulia. Shimo lilivyozidi kwenda chini, njia zilizoachwa kati ya viwanja ziliporomoka, kiwanja cha huyu kikafukiwa na udongo wa yule, na maji ya chini ya ardhi hayakujua mipaka ya mtu. Kuyatoa kulihitaji pampu za mvuke, na pampu ya mvuke haina maana kwa mwenye robo ya kiwanja. Mipaka ya umiliki ilipoondolewa mwaka 1876, wenye mitaji wakaanza kununua wadogo. Cecil Rhodes alikusanya viwanja katika mgodi wa jirani wa De Beers. Barney Barnato alikuwa na nguvu katika shimo kubwa la Kimberley lenyewe. Mwaka 1888 ikaundwa De Beers Consolidated Mines, na mwaka 1889 kampuni hiyo ikaandika hundi ya pauni 5,338,650 kuinunua kampuni ya Kimberley Central. Tangu hapo takribani asilimia 90 ya almasi za dunia zikawa chini ya mamlaka moja.

Sasa kampuni moja inauza. Je, kanuni imebadilika? La. Mhodhi naye anasimama pale gharama ya nyongeza inapolingana na mapato ya nyongeza, sawasawa na mchimbaji wa robo kiwanja. Tofauti ni kwamba kwake mapato ya nyongeza si bei tena, na mambo mengine yote yanayosemwa kuhusu ukiritimba yanachipuka kutoka hapo.

Mchimbaji mdogo akiuza karati moja zaidi, bei haitikisiki. Mhodhi akitaka kuuza zaidi, hana wa kumnyang'anya wateja. Wanunuzi wote ni wake. Njia iliyobaki ni kushusha bei ili wale waliokuwa wakisita wanunue. Lakini soko moja huwa na bei moja. Akiishusha kwa ajili ya mteja mpya, ameishusha pia kwa mteja wa zamani ambaye angelipa bei ya juu bila kunung'unika. Kwa hiyo kila mzigo anaouongeza unamletea bei yake, ukiondoa kile kilichopotea kwenye mizigo yote iliyotangulia.

Twende na hesabu nyingine ya mfano. Mhodhi anauza kwa mizigo ya karati elfu moja. Akitoa mzigo mmoja tu, soko litalipa shilingi 50 kwa karati. Akitoa miwili, bei itakuwa 46, mitatu, 42, na hivyo hivyo, kila mzigo ukiipunguza bei kwa shilingi 4. Gharama ya kuchimba na tuifanye shilingi 18 kwa karati, ileile ambayo wachimbaji wadogo walitulia nayo.

Mzigo wa kwanza unaingiza shilingi elfu 50. Miwili kwa bei ya 46 inaingiza elfu 92, yaani mzigo wa pili umeongeza elfu 42, si elfu 46. Mitatu inaingiza elfu 126, nyongeza ni elfu 34. Minne, elfu 152, nyongeza elfu 26. Mitano kwa bei ya 34 inaingiza elfu 170, nyongeza elfu 18. Na kila mzigo unagharimu elfu 18 kuuchimba. Zimelingana. Mhodhi anasimama hapo: mizigo mitano, bei shilingi 34, faida elfu 80.

Angeongeza wa sita? Bei yake ingekuwa shilingi 30, juu sana ya gharama ya 18, na mtu anayetazama kutoka nje angesema kampuni hii ina wazimu kuacha fedha hiyo chini ya ardhi. Lakini mzigo wa sita ungeongeza mapato kwa shilingi elfu 10 tu na kula elfu 18. Kampuni ingekuwa imejipunguzia faida kwa elfu 8 kwa kuuza kitu chenye bei nzuri.

Hesabu hiyohiyo inaondoa dhana mbili zinazosikika sana mitaani. Ya kwanza ni kwamba mhodhi hutoza bei ya juu kuliko zote anazoweza kupata. Bei ya juu kabisa hapa ni 50, na ingempa faida ya elfu 32 peke yake. Ya pili ni kwamba hutafuta mauzo makubwa kuliko yote. Mauzo makubwa kabisa yako kwenye mzigo wa saba, elfu 182, na faida ya hapo ni elfu 56. Kati ya tamaa hizo mbili, bei inayomfaa ni ya katikati, na haipatikani kwa kukisia ukali wa mwenye kampuni.

Kama viwanja vingebaki kwa watu mamia, bei ingeshuka hadi 18 na mizigo tisa ingeuzwa. Mhodhi ameuza mitano. Kati ya hiyo minne iliyobaki ardhini kuna mitatu ambayo wanunuzi walikuwa tayari kuilipia shilingi 30, 26 na 22 kwa karati wakati kuitoa ni shilingi 18. Tofauti hizo zikijumlishwa ni shilingi elfu 24 ambazo hazikwenda kwa mnunuzi wala kwa kampuni. Hazikuzaliwa. Watu wengi wanapolalamikia ukiritimba huona zile elfu 80 zilizohama kutoka mfuko wa mnunuzi kwenda wa kampuni, na wana haki ya kulalamika, lakini fedha hizo zimehama tu. Mwanauchumi humlaumu mhodhi zaidi kwa zile elfu 24.

Augustin Cournot, Mfaransa, aliandika hesabu ya mhodhi mwaka 1838, kabla hata ya Kimberley kuwapo, akichukua mfano wa mwenye chemchemi ya maji ya madini. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1934, Abba Lerner akapendekeza kipimo chepesi cha nguvu ya muuzaji: chukua bei, toa gharama ya nyongeza, gawa kwa bei. Kwa mchimbaji mdogo jibu ni sifuri. Kwa mhodhi wetu ni 16 kwa 34, karibu asilimia 47. Faida kubwa peke yake haithibitishi ukiritimba, kwani hata mchimbaji mdogo alipata 300 kabla wageni hawajafika. Ushahidi ni pengo kati ya bei na gharama ya nyongeza lisilozibika mwaka baada ya mwaka.

Nje ya karatasi, hakuna kampuni inayoona mstari wa mapato ya nyongeza umechorwa ukutani. De Beers ilijifunza kuuhisi. Almasi ghafi ziliuzwa London mara kumi kwa mwaka kwa wanunuzi wateule, kila mmoja akiwekewa sanduku la mawe mchanganyiko lenye bei yake, alichukue lote au aliache. Mahitaji yakilegea, mawe yaliwekwa ghalani. Dunia ilipoingia katika mdororo mkuu, kampuni haikuuza kwa bei ya kutupa. Kufikia mwaka 1932 ilikuwa imefunga migodi yake ya Afrika Kusini. Mwishoni mwa mwaka 1998 ghala lake lilikuwa na almasi za thamani ya karibu dola bilioni 5. Fedha kiasi hicho kulala kwenye makabati ni gharama, na ni gharama ambayo mchimbaji wa robo kiwanja hakuwahi kuifikiria.

Adui wa mpangilio huu alikuwa hesabu ileile, ila ikipigwa na mtu mwingine. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga, katika Tanganyika ya wakati huo. De Beers ilimtaka auze kupitia mtandao wake wa London kwa mgawo maalumu. Fikiria hesabu ya Williamson. Akiongeza mauzo, bei ya dunia itashuka kidogo, lakini hasara ya kushuka huko itawaangukia zaidi wengine wenye almasi nyingi. Yeye atabeba sehemu ndogo tu. Kwake, mapato ya nyongeza yako karibu kabisa na bei yenyewe, na bei iko juu mno ya gharama. Basi kwa nini ajifunge? Kwa De Beers, karati ileile ya Mwadui ilikuwa ikishusha thamani ya ghala zima. Wote wawili walikuwa na akili timamu. Walikuwa tu wakisoma mapato ya nyongeza mawili tofauti. Mapema miaka ya 1950 pande hizo zilivutana juu ya bei na mgawo, Williamson akarundika almasi zake badala ya kuziuza London, kabla ya kupatana. Alifariki mwaka 1958, na mwaka huohuo De Beers na serikali ya Tanganyika zikaununua mgodi, nusu kwa nusu.

Zaire ilijaribu kutoka mwaka 1981. Almasi zake, nyingi za Mbuji-Mayi na za matumizi ya viwandani, zikaanza kuuzwa kwa wafanyabiashara wa nje ya mtandao. Bei ya almasi za aina hiyo ikaanguka, na wengi waliamini kwamba De Beers ilimwaga mawe yanayofanana kutoka ghalani mwake. Mwaka 1983 Zaire ikarudi. Ghala lile la gharama kubwa, kumbe, lilikuwa na kazi ya pili: kumfundisha mwasi kwamba hesabu ya bei kutotikisika inafaa kwa mdogo tu.

Lakini fimbo hiyo ina mwisho. Mgodi wa Argyle wa Australia ulipojitoa mwaka 1996, De Beers haikuweza kuurudisha, na almasi za Urusi zilikuwa zikivuja nje ya mtandao miaka hiyohiyo. Fungu la kampuni sokoni likipungua, kila karati inayozuia ghalani inawanufaisha washindani walioendelea kuuza. Mwaka 2000 De Beers ikatangaza kwamba inaacha kazi ya kulinda bei ya dunia nzima. Mwaka 2004 ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani katika kesi ya kupanga bei za almasi za viwandani na kulipa faini ya dola milioni 10.

Ushindani wenyewe ukarudi kwa mlango ambao Rhodes asingeuota. Almasi sasa hutengenezwa viwandani, hasa China na India, na jiwe hilo kikemia ni almasi kamili. Hakuna shimo la kununua, hakuna mipaka ya viwanja. Mwenye mtaji wa mashine anaingia. Mwaka 2018 De Beers yenyewe ilianzisha chapa ya Lightbox na kuuza mawe hayo kwa dola 800 kwa karati, wakati ambapo wengine waliyauza kwa bei ya juu zaidi. Wageni wakaendelea kumiminika, bei zikaendelea kushuka kuelekea gharama ya kutengeneza jiwe moja zaidi, na mwaka 2025 De Beers ikatangaza kuifunga Lightbox.